Mteja wa kudumu akitaka upunguze bei ya dagaa: ukatae kwa njia ipi?

Mama mwenye genge amesimama mbele ya meza yako pale Soko la Mwanga. Ameshachota dagaa kiganja kizima, kawapeleka juani kuangalia kama wana mchanga, kavunja mmoja kwa kucha akasikia anavyokatika. Wamempendeza. "Mwanangu, nipimie kilo kumi, lakini iwe elfu ishirini. Si mimi huyu wa kila wiki?" Bei yako ya jumla ni elfu ishirini na moja kwa kilo. Nyuma yake wamesimama wanunuzi wawili, kimya, wanangoja kusikia utakachojibu.

Muuza dagaa hapa Kigoma ana njia nne za kutoka hapo bila kushusha bei na bila kumvunjia mama heshima. Anaweza kukataa wazi na kueleza sababu. Anaweza kushikilia bei akaongeza basela, yaani nyongeza kidogo ya bure. Anaweza kumpimia kulingana na hela aliyonayo, au kumpa dagaa wa daraja la chini. Anaweza pia kumwambia asubiri giza, yaani siku zisizo na mbalamwezi. Kila moja ina mahali pake, na ukiikosea mahali unaweza kupoteza hela, mteja, au vyote viwili.

Elfu moja ni kiasi gani hasa

Kabla ya kulinganisha, tuone unachoombwa. Namba hizi ni za mfano, kwa sababu bei ya dagaa hubadilika wiki kwa wiki; weka zako ufuate hesabu ile ile.

Umenunua kilo 50 mwaloni Kibirizi kwa 18,000 kila kilo, jumla 900,000. Usafiri, mbebaji, ushuru, mifuko na sehemu ya kodi ya meza vinakula 40,000. Mzigo ukiufikisha sokoni na kuuchekecha, huuzi kilo 50. Nusu kilo inapotea kwa mchanga na ukavu, kwa sababu dagaa huendelea kupoteza maji ndani ya gunia. Kilo moja na nusu inatoka kama chenga, vichwa na vipande, unaiuza kwa jumla ya 12,000. Zinabaki kilo 48 nzima.

Basi kila kilo nzima imekugharimu 928,000 gawanya kwa 48, yaani karibu 19,330. Ukiuza 21,000 unabaki na faida ya 1,670 hivi. Mama anaomba 1,000 kati ya hizo.

Machoni pake anaomba punguzo dogo tu, chini ya asilimia tano ya bei. Kwako ni asilimia sitini ya faida. Ili upate faida ile ile ya kilo kumi za elfu ishirini na moja, ukishusha hadi elfu ishirini itabidi uuze kilo 25. Anayeuza kwa kukumbuka bei ya kununulia peke yake, 18,000, anadhani ana 3,000 za kuchezea, ndiyo maana anakubali haraka, na mwisho wa gunia anashangaa mtaji umepungua. Jua gharama yako ya kilo nzima, baada ya kuchekecha, kabla hujafungua meza. Usipoijua, utakataa kwa mashaka, na mteja atakusoma usoni.

Hivi ndivyo njia hizo zinavyokaa ubavu kwa ubavu kwenye kilo kumi za mama:

| Unachofanya | Unachobaki nacho | Hatari yake |
|---|---|---|
| Unashusha hadi 20,000 | karibu 6,700 | Hiyo ndiyo bei yako mpya |
| Unakataa kwa maelezo | karibu 16,700 | Anaweza kuondoka kinyongo |
| Basela ya robo kilo | karibu 11,800 | Basela inageuka haki |
| Kilo tisa na nusu kwa hela yake | karibu 15,800 | Anaweza kuona unambania |
| Asubiri giza | faida ya leo hujaipata | Ukisahau kupiga simu, umempoteza |

Kwanza jua anaomba nini

Maneno ya kuomba punguzo yanafanana, lakini watu wanaomba vitu vitatu tofauti, na hapo ndipo uchaguzi unapoanzia.

Wapo wanaoomba kwa mazoea. Wanataja bei ya chini huku mkono umeshafungua pochi, na hawasemi popote pengine walipoona bei hiyo. Hawa wanataka kuonekana kwamba wanajulikana hapa.

Wapo ambao hela haitoshi kweli. Hutaja jumla badala ya bei ya kilo: "Nina laki mbili tu." Au wanahesabu tena noti walizokwisha kuhesabu.

Na wapo waliopewa bei ya chini meza nyingine. Hao hutaja bei kamili, mara nyingi na mahali: "Kule mbele wananipa kumi na tisa na nusu." Huyu anataka kujua kwa nini alipe zaidi, na basela haitamjibu swali lake.

Ukiwa hujamtambua, muulize kwa upole: "Mama, ni bei inayokusumbua au ni mfuko leo?" Swali hilo halimwaibishi, na jibu lake linakuonyesha njia.

Kukataa wazi kwa maelezo

Njia hii inamfaa anayelinganisha bei, na anayeijua biashara. Inafaa pia siku ambayo bei imepanda kwa sababu inayoonekana na kila mtu.

Kosa linalotokea sana ni kuanza na "hapana" au "haiwezekani". Kwa mtu mzima aliyekuita mwanangu, neno hilo likitangulia yote yanayofuata hayasikiki. Pokea kwanza, eleza, halafu taja bei yako mara moja tu:

"Mama yangu, nimekusikia, na wewe si mtu wa kukukatalia. Lakini mzigo huu nimeuchekecha, mchanga na chenga vimetoka. Nikienda chini ya ishirini na moja naanza kula mtaji. Nivumilie kwa bei hiyo."

Jambo linalobeba maneno hayo ni kuchekecha, maana mama anaweza kuliona. Chukua chekeche, tia dagaa kiasi cha kilo mbele yake, tikisa. Kinachodondoka kwenye sinia nyeupe ni kidogo. Kama kule mbele wanauza 19,500 kwa dagaa walioanikwa juu ya mchanga wa ufukweni, mwombe akachekeche na wale. Kila gramu 50 za mchanga ndani ya kilo ni kama elfu moja anayoilipia mchanga: kilo ya 19,500 yenye gramu 50 za mchanga inampa dagaa gramu 950, na ukigawa vizuri utakuta analipa karibu 20,500 kwa kilo safi. Ikiwa na gramu 100, analipa karibu 21,670, ambayo ni ghali kuliko yako. Mwenye genge anaielewa hesabu hiyo upesi, kwa kuwa mchanga ukionekana kwenye sahani atakayelaumiwa ni yeye.

Sharti ni moja: wako wawe wasafi kweli. Kama nao walianikwa chini na hukuwachekecha, achana na njia hii.

Usiseme "nitapata hasara" ikiwa hasara haipo. Wanunuzi wa Kigoma wengi wana ndugu au jirani mwaloni na bei ya Kibirizi ya asubuhi wanaijua kabla ya saa nne. Akikukamata kwenye uongo mmoja wa bei, kila sababu utakayompa baadaye ataipima kwa mizani hiyo. "Nitabaki na kidogo mno" ni kauli ya kweli, na inatosha. Wala usimwambie "bei hii ni kwa ajili yako tu" wakati wawili walio nyuma yake watauziwa hiyo hiyo.

Kijana aliyeajiriwa kuuza ana jibu jepesi: "Bei imepangwa na mwenye mzigo, mama, mimi siwezi kuigusa." Kama ni kweli, linakubalika bila manung'uniko. Ila mwenye meza mwenyewe akilitumia na mteja akajua, anaonekana amejificha nyuma ya mtu asiyekuwepo.

Basela

Kwa anayeomba kwa mazoea, basela ndiyo njia tunayoiona bora kuliko zote. Robo kilo inakugharimu takriban 4,800, nusu ya punguzo aliloomba. Kwake ina thamani ya 5,250 kwa bei ya meza, na anaiona ikiingia mkobani. La muhimu zaidi, wale wawili walio nyuma wamesikia bei ya ishirini na moja ikisimama.

Ila namna ya kuitoa ndiyo inayoamua. Pima kilo kumi kamili, mwonyeshe mizani, funga, pokea hela. Baada ya hapo ndipo uchukue mfuko mwingine mdogo, utie dagaa, umkabidhi: "Hii ya watoto nyumbani." Hatua ya kupokea hela kwanza haipaswi kurukwa. Ukiitaja basela wakati bado mnabishana bei, imeshakuwa sehemu ya biashara, atakwambia, "Basi niongeze na nusu." Na ukiimwaga juu ya mizani kwenye mzigo ule ule, haionekani tena. Mteja anaona tu mshale ulipofika, na safari ijayo mizani ikisoma kumi kamili atasema umempunja.

Kinachoharibu basela ni kuwa na kipimo kile kile kila mara. Robo kilo kila Jumamosi kwa wiki nne imeshakuwa bei, yaani kilo kumi na robo kwa 210,000, sawa na kushusha hadi karibu 20,490. Ibadilishe. Wiki moja robo, wiki nyingine hakuna ila umemwekea mzigo mzuri kabla hajafika, nyingine mfuko wa chenga kwa kuku wake. Chenga inakugharimu kidogo sana, lakini mwambie wazi kwamba ni chenga. Ukimpa chenga kana kwamba ni dagaa wazima, umempa zawadi ya kumtukana.

Kwa anayenunua kilo moja au mbili, robo ni nyingi mno. Kiganja kimoja kinatosha.

Kumpimia kwa hela yake, au kumbadilishia daraja

Mteja aliyesema ana laki mbili hajaomba heshima wala hataki mhadhara wa mchanga. Anahitaji aondoke na mzigo. Gawa tu: 200,000 kwa 21,000 ni kilo tisa na nusu kwa 199,500, na chenji ya mia tano. "Mama, hela yako inatosha. Nakupimia kilo tisa na nusu, wale wale." Tamka "inatosha" mwanzoni. Ukianza na "haitoshi kilo kumi," umetangaza upungufu wake mbele za watu.

Faida yako haikuguswa, na nusu kilo uliyobaki nayo utaiuza. Lakini kwa mwenye genge anayepanga mafungu, kilo kumi inaweza kuwa hesabu yake ya wiki nzima. Hapo mpe chaguo la pili: kilo saba za wale wazuri na tatu za daraja la chini, katika mifuko miwili tofauti, kila mmoja na bei yake. Kama wa daraja la chini unawauza 17,500, jumla inakuwa 147,000 na 52,500, yaani 199,500. Kilo zake kumi amezipata, na bei zako zote mbili zimesimama.

Usiwachanganye katika mfuko mmoja hata akikuruhusu. Dagaa wenye mchanga wakikaa na wasafi ndani ya gunia linalotikiswa kwenye bajaji, wote wanakuwa na mchanga, na atakayerudi kulalamika atakuwa anasema kweli.

Wengine hapa humalizia kwa kukopesha: "Chukua kumi, hiyo elfu kumi utaleta." Sisi hatushauri deni litumike kama jibu la punguzo. Elfu kumi ni zaidi ya nusu ya faida yako kwenye mzigo huo, na mteja aliyekwisha kuamini kwamba bei ilipaswa kuwa elfu ishirini ataiona ile elfu kumi kama punguzo lililochelewa. Ukimdai, ndipo ugomvi unapoanza. Kama ni mtu unayemkopesha siku zote, mkopeshe kwa mkataba mlio nao, siku ambayo hamkubishana bei.

Kumwambia asubiri giza

Dagaa wa Ziwa Tanganyika huvuliwa usiku kwa taa, na taa huwavuta vizuri kukiwa na giza. Siku za mbalamwezi samaki hawakusanyiki, mitumbwi mingi hupumzika, na mzigo mwaloni huwa haba. Kwa hiyo mteja akiomba punguzo katikati ya mbalamwezi, unaweza kumpa kitu chenye tarehe: "Mama, leo mwezi uko juu, mzigo hakuna. Chukua tano za kusukumia wiki hii. Giza likiingia na bei ikishuka Kibirizi, nakupigia wewe kwanza."

Hiyo si ahadi ya bei. Usitaje namba, kwa sababu hujui mwalo utaamkaje. Giza likiingia na mvua ikanyesha, dagaa hawakauki kwa siku moja. Wanageuka rangi, wengine wanaoza kwenye chanja, na bei haishuki ulivyodhani. Hesabu siku chache kati ya mitumbwi kurudi na mzigo mkavu kufika mezani.

Njia hii haifai wakati uhaba hauna mwisho wa karibu. Mwaka 2024 ziwa lilifungwa kwa uvuvi kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti. Kumwambia mtu asubiri mwezi Juni kungekuwa ni kumfukuza. Siku kama hizo rudi kwenye maelezo, na uyatoe mapema. Mpigie mteja wa kudumu kabla hajafika sokoni, umwambie bei mpya na kiasi ulichobakiza. Bei iliyopanda akiisikia kwenye simu ni habari. Akiikuta mezani, kikapu kiko mkononi na nauli imeshaliwa, anaona amekomolewa.

Na ukiahidi kupiga simu, piga, hata kama bei haikushuka.

Mteja wa Tabora kwenye simu

Anayeagiza kutoka mbali haoni uso wako wala chekeche lako, kwa hiyo jibu fupi linasomeka kama dharau. Mtu akiandika "Kaka fanya 20 nitume hela sasa hivi", ukimjibu "Mwisho 21" umemfungia mlango. Andika kama unavyosema mezani:

"Shikamoo mama. Nimekuelewa. Mzigo wa leo ni wa chanja, nimeuchekecha, video hiyo hapo. Bei ni 21,000, kilo kumi 210,000. Gunia na kuufikisha kituoni ni juu yangu. Nauli ya mzigo hadi Tabora utalipia ukipokea."

Angalia sentensi mbili za mwisho. Punguzo nyingi za simu haziombwi kwenye bei, zinapita pembeni: anatuma hela bila ya kutolea, anategemea gunia liwe bure, na nauli mnagawana. Ukishusha elfu moja kwa kilo halafu na hayo ukayabeba, kwenye kilo kumi hubaki na kitu. Amua kimoja cha kumbebea, kitaje wazi kama fadhila, na vingine viandike kabla hajatuma. Mkikubaliana kilo tu, mengine yote atayahesabu kuwa yako.

Shikamoo hiyo ni kwa anayestahili kuamkiwa. Akiwa rika lako, mpe habari za kazi. Lakini usianze na bei.

Akiondoka

Wakati mwingine utafanya yote sawasawa na mama atainua kikapu chake aende. Usimwite nyuma kwa bei ya chini. Ukimwita, wale wawili waliokuwa wakisikiliza wamejifunza kwamba bei yako halisi hupatikana hatua kumi kutoka mezani, na yeye amejifunza kuondoka kila wiki. Muage kwa heshima: "Sawa mama, zunguka uangalie. Nitakuwekea kumi zako mpaka saa nane." Kisha ziweke kweli, kwenye mfuko uliofungwa, chini ya meza.

Akirudi saa saba, usimuulize kule mbele waliuzaje. Mpokee kikapu, weka mfuko juu ya mizani ili auone tena ukisoma kumi, na bei iwe ile ile. Siku hiyo ndiyo ya kumpa kiganja cha basela, akishalipa.